"Umeamkaje" haiulizi usingizi: namna ya kuvusha salamu kwenda lugha nyingine

Bibi mmoja alikuwa amelazwa wodi ya wanawake, mgonjwa wa moyo, na daktari aliyekuwa akimhudumia alikuwa mgeni asiyejua Kiswahili zaidi ya "asante". Mimi nilikuwa mkalimani wao. Asubuhi ya kwanza daktari alifika kitandani akauliza, "How did you sleep?" Nikageuza neno kwa neno: "Umelalaje, bibi?" Bibi akatabasamu: "Salama, mwanangu. Sijui wewe?" Nikamwambia daktari kwamba mgonjwa kalala vizuri. Akaandika kwenye faili, tukasogea kitanda cha pili.

Baadaye binti yake, aliyekuwa amelala chini kwenye mkeka pembeni ya kitanda, alinifuata koridoni. Mama hakulala, akasema. Usiku kucha amekaa kitako kaegemea ukuta, maana kila akijinyoosha chali pumzi inakata. Kwa mgonjwa wa moyo hiyo ndiyo habari yenyewe ambayo daktari anaitafuta, na faili lilikuwa linasema kinyume.

Hakuna neno nililokosea. Kila neno la daktari lilikuwa na neno lake la Kiswahili, na bibi hakudanganya. Kilichotokea ni kwamba daktari aliuliza swali, mimi nikalifanya salamu, na bibi akaijibu salamu kama alivyofundishwa tangu utoto. Tangu siku ile nafuata utaratibu huu, nao unafaa kwa mkalimani wa wodini, kwa anayetafsiri barua na hata kwa anayeandika maneno ya chini ya filamu.

Hatua ya kwanza: amua kama ni salamu au ni swali

Kiswahili chenyewe kinatuonya. Kutoka "kuamka" tumepata "kuamkia", na kumwamkia mtu ni kumsalimu, hata iwe saa kumi jioni na mtu huyo hajalala tangu alfajiri. Kuamka kumeshahama kutoka kitandani. Kwa hiyo ukisikia "umeamkaje", "umeamka salama?", "za kuamka?" au "umelalaje?", usikimbilie kutafsiri kitendo. Kwanza jiulize jibu gani linangojewa.

Kipimo changu ni neno "ila". Salamu ya Kiswahili hujibiwa kwa heri kwanza, kisha ukweli ndipo ufuate. "Habari za asubuhi?" "Njema, ila tumefiwa." Sote tumewahi kulisikia jibu hilo, na hakuna anayemwona msemaji amejipinga. "Njema" imemjibu mtu. "Ila" imeleta habari. Kama kauli unayoitafsiri inaweza kujibiwa "salama" na mtu ambaye usiku wake ulikuwa mbaya, basi ni salamu. Kama jibu la "salama" litamdanganya aliyeuliza, basi ni swali, na huna budi kulivika maneno mengine.

Kuna alama nyingine. Salamu hukaa mlangoni mwa mazungumzo, kabla ya jambo lolote. "Umeamkaje" ikitokea katikati, baada ya watu kuzungumza robo saa, huenda ni swali kweli. Mara nyingi salamu huja na "-me-", kwa sababu inahusu hali uliyo nayo sasa hivi, ukisikia "uliamkaje siku ile?" huyo anataka kusimuliwa. Likitajwa neno "usingizi", mjadala umekwisha. "Ulipata usingizi?" haijawahi kuwa salamu ya mtu yeyote ninayemjua.

Hatua ya pili: vusha salamu pamoja na kiitikio chake

Makosa mengi hutokana na kutafsiri nusu. Salamu ni kitu cha watu wawili: huyu anatoa, yule anaitikia. Ukiivusha nusu ya kwanza peke yake, nusu ya pili itafika upande wa pili ikiwa yatima.

Mtu akitafsiri "umeamkaje" kwa Kiingereza kwa kufuata maneno, Mwingereza husikia anaulizwa njia aliyotumia kuamka: ni kengele, au jogoo, au alishtuliwa? Hapo ataduwaa au ataanza kueleza. Mpe "Good morning" naye atarudisha "Good morning", na hiyo uirudishe kama "salama". Usitafute "salama" ndani ya maneno yake; haimo, wala haihitajiki. Unachotakiwa kukihakikisha ni kwamba aliyeamkia ameitikiwa.

Mtego ulio mbaya zaidi umo katika mkia wa jibu la bibi yule: "Salama, sijui wewe?" Kwetu hii ni adabu. Mtu anasema yake kisha anageuza salamu imrudie mwenzake. Ipeleke Kiingereza neno kwa neno, na bibi atakuwa amemwambia daktari kwamba hamjui yeye ni nani. Nimeiona ikitokea kwa kijana mmoja aliyekuwa anajifunza ukalimani: mgeni akajitambulisha upya, jina na kazi, mgonjwa akabaki anashangaa kwa nini anaambiwa tena. Tafsiri yake ni maneno mawili tu ya Kiingereza, "And you?", basi.

Jozi ya "shikamoo" na "marahaba" nayo inakwenda hivyo hivyo. Inaelezwa kwamba shikamoo ilianzia kwenye "nashika miguu yako", na wapo watafsiri wanaopenda kuipeleka miguu hiyo mpaka Ulaya. Iacheni. Anayesema shikamoo leo hafikirii miguu ya mtu. Anaonyesha kwamba anayemsalimu ni mkubwa wake. Kiingereza hakina salamu inayobeba umri, kwa hiyo umri uuweke kwenye namna ya kumwita mtu: badala ya jina lake la kwanza, tumia jina la ukoo pamoja na cheo cha heshima. Na "marahaba" isiwe "nimepokea". Iwe salamu ya kawaida ya kujibu.

Hatua ya tatu: uliza watu wa lugha ile husema nini saa hiyo

Lugha zote zina salamu za saa fulani, lakini mipaka yao hailingani, na hata kazi zake hazilingani. Hapa wanateleza hata watu waliosoma sana.

Tazama "Good evening". Ni salamu ya kukutana. Neno kwa neno inakuwa "jioni njema", na siku hizi utaisikia ukumbini, msema chochote kapanda jukwaani na kuanza: "Jioni njema, mabibi na mabwana." Kwa sikio langu huyo ametuaga kabla hajaanza. "Jioni njema", "siku njema" na "usiku mwema" ni dua za kuachana; ukikutana na watu unasema "habari za jioni" au "za jioni?". Kiingereza chenyewe kinatenganisha: "Good evening" ni ya kukutana, "Good night" ni ya kuagana tu. Ukimpokea mgeni mlangoni saa tatu usiku kwa "Good night", atadhani umemfukuza.

Halafu kuna "umeshindaje". Kushinda, yaani kukaa mahali mchana kutwa, kunaandikwa sawasawa na kushinda mpira. Nilimfahamu kijana mbeba mizigo wa Mlima Kilimanjaro aliyekuwa na Kiingereza cha kujitungia. Alasiri akiwapokea wageni kambini aliwauliza kwa Kiingereza wameshindaje, akitumia neno la ushindi. Siku moja akampata mzee aliyekuwa ametoka kileleni Uhuru, mita 5,895, naye akakaa chini akaanza kumsimulia hatua kwa hatua jinsi alivyoshinda. Kijana alidhani wazungu wana salamu ndefu. Tulicheka, lakini hapo ilikuwa bahati tu kwamba mzee alikuwa ameshinda kweli. Kwingine kote swali hilo halina maana. "Umeshindaje" ya saa kumi ni "Good afternoon", na jua likizama ni "Good evening". Kiswahili kinaangalia muda uliopita, mchana ulioumaliza. Kiingereza kinaangalia saa uliyomo.

Tofauti hiyo huleta tatizo jingine dogo kwenye simu. Ndugu yako aliye Marekani anaweza kuwa saa nane au zaidi nyuma yako. Ukimpigia asubuhi yako na kusema "umeamkaje", kwake bado ni usiku. Watu wa familia moja hawajali, watacheka. Lakini ukiwa mkalimani kati yao na mtu wa tatu, tafsiri salamu kwa saa ya anayeipokea.

Hatua ya nne: swali la kweli livue nguo za salamu

Turudi wodini, kwa sababu upande huu, wa kutoka lugha nyingine kuja Kiswahili, ndio wenye hatari kubwa na ndio unaosahaulika. Mwenye kutafsiri salamu kama swali anachekesha. Mwenye kutafsiri swali kama salamu anapoteza habari, na hakuna anayecheka kwa kuwa hakuna anayejua.

Kesho yake nilimwomba daktari dakika moja kabla hatujaingia. Nilimwambia mambo mawili: jibu la kwanza la asubuhi ni salamu, usiliandike, na mimi nitamaliza salamu kwanza, ndipo niulize swali lako. Akakubali. Tukaenda.

Daktari akasema "Good morning". Alikuwa kijana, pengine umri wa mjukuu wa bibi. Nikasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Hamjambo?"

Nikamwambia daktari kwamba bibi ameitikia na anamjulia hali. Akajibu kwamba hajambo. Nikarudisha: "Hatujambo, bibi." Hapo nilisubiri kidogo. Mlango wa salamu ulikuwa umefungwa.

Daktari akauliza lile lile la jana: "How did you sleep?" Safari hii nikasema: "Bibi, nauliza habari za usingizi wenyewe. Usiku ulipata usingizi?"

"Usingizi nautoa wapi, baba? Nikilala chali nabanwa. Nimeegemea ukuta mpaka adhana ya alfajiri."

Nikaivusha yote, pamoja na ukuta na adhana, kwa kuwa adhana ilimpa daktari saa. Kuanzia hapo maswali yake yalikuja mfululizo. Nyumbani analalia mito mingapi? "Mitatu, na khanga zimekunjwa juu yake." Miguu inavimba? Akafunua shuka. Siku ile ile kitanda kikainuliwa upande wa kichwani na dawa zikapitiwa upya.

Ona kilichobadilika katika swali. Nimeondoa "umelalaje" kabisa, kwa sababu ukiitamka kwa mtu mzima asubuhi, ulimi wake unajibu kabla hajafikiri. Nimeweka "usingizi", ambao hauamkiwi. Nimelifanya swali liwe la ndiyo au hapana, lisilojibika kwa "salama". Kama daktari anataka zaidi, kata swali lake vipande: uliamka mara ngapi, ulilala chali au ulikaa, nini kilikuamsha. Ndivyo ilivyo hata kwa "How are you feeling?", ambayo ikiwa "unajisikiaje?" utapata "namshukuru Mungu", nayo ni kiitikio vilevile. Sema: "Maumivu ya jana yako wapi sasa?"

Pana mpaka wa jambo hili. Mkalimani husema kwa nafsi ya kwanza, kana kwamba yeye ndiye msemaji, na haongezi lake. Ukiona lazima ueleze kitu, kama nilivyofanya kabla ya kuingia, kieleze waziwazi kwamba ni wewe unayesema, na pande zote mbili zijue. Kunong'ona na daktari mbele ya mgonjwa kunamfanya mgonjwa afikiri anafichwa.

Na usimruhusu mtu mwenye haraka aruke salamu. Wapo madaktari wanaoanza na tumbo. Bibi aliyeulizwa habari za tumbo bila shikamoo atajibu maswali yote kwa "mh".

Hatua ya tano: kwenye maandishi, tafuta salamu zilizojificha

Barua ni ngumu kuliko mazungumzo, maana msomaji hayupo akunje uso uone umekosea. Waliosoma miaka ya barua za posta wanakumbuka ufunguzi wake: mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali nami. Vijana bado wanafundishwa hivyo darasani. Niliwahi kupewa rundo la barua za watoto kwenda kwa wafadhili wao ng'ambo, zilizokuwa zimeshatafsiriwa na mtu mwingine, nizipitie. Moja ilimwambia mama wa watu huko Ulaya, kwa Kiingereza safi, kwamba mtoto ni mzima na kwamba woga uko juu yake yeye mama. Ukiisoma bila kujua Kiswahili ni kama kitisho.

"Hofu ni kwako" ni "umeamkaje" ya barua. Inauliza hali ya mwenzako na kuonyesha kwamba unamjali. Kwa Kiingereza inatosha kusema unatumaini naye ni mzima. Katika barua, pitia aya ya kwanza yote na kuuliza kila sentensi: je, mtoto amelichagua hili, au amelikuta? Alilolikuta lipe kiitikio cha lugha ya pili. Alilolichagua, kwamba mbuzi wao amezaa pacha, lisiguswe.

Kati ya lugha za jirani, usijione salama

Watu hudhani mitego hii ipo kwa Kiingereza tu. Kinyume chake, lugha zinazofanana hukulegeza. Mganda asubuhi husema "Wasuze otya?", na kitenzi chake ni cha kulala mahali usiku, mchana husema "Osiibye otya?", ambacho ni kushinda. Mchewa husema "Mwadzuka bwanji?", yaani kuamka kama sisi, na mchana "Mwaswera bwanji?" Mwafaka wa kumi kwa kumi, utasema. Lakini salamu ya Kiganda ukiileta kama "ulilalaje?", pamoja na "-li-" yake, kwa mwanamke usiyemzoea, umeshamchungulia chumbani. "Umeamkaje" au "habari za asubuhi" ndiyo yake, japo kitenzi kimebadilika.

Kinyarwanda ndicho kinachonifurahisha. "Mwaramutse" si swali. Ni kama tamko kwamba mmeamka. Anayejibu hurudisha lile lile, "Mwaramutse". Kulitafsiri "mmeamka" kunafanya mtu aonekane anatangaza kisichohitaji kutangazwa. Na Kishona, ukiulizwa "Mamuka sei?" unajibu kwamba umeamka ikiwa na mwenzako ameamka. Ukileta hiyo "ikiwa" katika Kiswahili utaonekana unaweka masharti. Hapo ndipo "salama, sijui wewe?" ya bibi yule inapopata kazi yake: ndiyo tafsiri bora kabisa ya jibu la Kishona, ingawa hakuna neno linalolingana.

Wakati wa kuacha maneno yenyewe

Kuna mahali ambapo haya yote yanageuka. Ni pale anayejibu anapokishika kitenzi cha salamu na kukirudisha kwa maana yake ya zamani. Mjane siku ya pili ya matanga anaulizwa, "Umeamkaje?" Anajibu, "Aliyelala ndiye aamkaye." Ukiwa umeanza na "Good morning", jibu hilo halina pa kushika. Lazima kuamka kuwemo ndani ya salamu. Mimi huandika kwa Kiingereza swali la kama amepata kulala kidogo, kwa sababu wakati wa msiba hata Mwingereza huuliza hivyo kama salamu bila kungojea maelezo, halafu jibu lake linaingia bila kulazimishwa. Ili uyaone haya mapema, soma kiitikio kabla ya kutafsiri salamu. Ukiwa wodini au kwenye simu huwezi, kwa hiyo litoe tu "Good morning", na jibu likikujia hivyo, rudi nyuma useme waziwazi: mkalimani anaomba kurekebisha salamu aliyoitafsiri.